Barua Iliyopanda Ngazi: Kuitafuta Nia ya Kampuni Baada ya Maafa Kazini

Tarehe 28 Juni 1985 nahodha mmoja wa feri za Kiingereza aliwaandikia wakubwa wake wa nchi kavu barua fupi. Aliomba taa. Feri aliyoiendesha ilikuwa na milango mikubwa omo na tezi ya kupitishia magari, na kutoka chumba cha uongozaji hakuweza kuiona milango ya omo. Alitaka taa ndogo mbele yake ya kumwambia kama milango imefungwa au bado iko wazi. Barua ile ilizunguka ofisini, mameneja wakaiandikia maoni pembeni. Mmoja aliuliza kwa kejeli kama nahodha sasa anahitaji taa ya kumjulisha iwapo baharia wake yuko macho na hajalewa. Mwingine alisema wazo ni zuri, ila kuna mtu anayelipwa kwa kazi hiyohiyo. Taa hazikufungwa.

Jioni ya tarehe 6 Machi 1987, Herald of Free Enterprise, meli dada ya ile ya nahodha yule, iliondoka bandari ya Zeebrugge nchini Ubelgiji kuelekea Dover huku milango ya omo ikiwa wazi. Ilipoongeza mwendo nje ya bandari maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, na ndani ya dakika chache meli ikalala ubavu. Walikufa watu 193.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu swali linalokuja baada ya kila maafa ya kazini liko ndani yake lote. Msiba ukishatulia, ndugu wa marehemu huuliza: nani ameua? Mtu aliyelala? Nahodha? Au kampuni yenyewe? Wakisema kampuni, mwanasheria huwajibu kwamba kosa la jinai, pamoja na tendo, hudai pia hali fulani ya akili ya mtendaji, iwe kukusudia, kujua, au uzembe uliopita kiasi. Kampuni ni mtu wa kisheria aliyeandikishwa kwa msajili, na haina ubongo. Makala hii ni kwa wafanyakazi, viongozi wa vyama vyao, maafisa usalama, mameneja, na hata familia ambazo siku moja zitalazimika kuthibitisha kwamba kampuni ilijua. Ushauri wangu mwingi unahusu karatasi, kwa kuwa akili ya kampuni huonekana kwenye karatasi zaidi ya mahali pengine popote.

Turudi kwenye meli. Kazi ya kufunga milango ilikuwa ya msaidizi wa serahangi. Siku ile alikuwa amelala chumbani mwake, na tangazo la kuwaita mabaharia kwenye vituo vyao halikumwamsha. Serahangi mwenyewe alikuwa mtu wa mwisho kutoka kwenye sitaha ya magari. Aliiona milango iko wazi, akaenda zake, maana kuifunga hakukuwa kazi yake. Afisa wa kwanza alitakiwa kuhakikisha milango imefungwa, akadhani amemwona mwenye kazi anakuja. Nahodha aling'oa nanga bila kuuliza, kwa kuwa kanuni za kudumu za kampuni zilisema kwamba asipoletewa taarifa ya kasoro, achukulie meli iko tayari kwa safari.

Ukiishia hapo utapata wakosaji wanne, wote wavaa sare, na ofisi ya kampuni haimo. Uchunguzi wa serikali chini ya Jaji Sheen haukuishia hapo. Uligundua kwamba mwongozo wa kampuni ulimtaka afisa wa kwanza awe kwenye chumba cha uongozaji dakika 15 kabla ya kuondoka, huku ukimtaka pia awe chini akihakikisha milango inafungwa. Hakuna binadamu awezaye kuwa mahali pawili. Uligundua pia kwamba meneja wa kampuni kule Zeebrugge aliwaandikia maafisa akiwasukuma meli ziondoke mapema, hata dakika 15 kabla ya saa yake. Tena si mara ya kwanza: mwaka 1983 meli dada iliwahi kwenda baharini na milango wazi kwa sababu baharia wa milango alikuwa amelala. Jaji aliandika kwamba uzembe ulikuwa umeienea kampuni kama maradhi, kuanzia juu hadi chini.

Basi kila kitu kilikuwepo: onyo la maandishi, tukio lililotangulia, kanuni isiyotekelezeka, shinikizo la muda. Hata hivyo, kesi ya jinai ilianguka. Mwaka 1990 Jaji Turner alikubali, na hilo lilikuwa jambo kubwa, kwamba kampuni inaweza kushtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Lakini mwezi Oktoba mwaka huohuo aliwaelekeza wazee wa baraza la mahakama waiachie huru kampuni pamoja na washtakiwa watano wa vyeo vya juu. Walioamua hawakuwa wao. Ushahidi wa mashtaka haukuachwa hata mikononi mwao waupime.

Ilianguka kwa sababu mbili, na anayejiandaa kwa shauri la namna hii sharti azielewe zote mbili.

Ya kwanza ni swali la nani ni kampuni. Sheria ya Uingereza ilikuwa imejenga hoja, tangu shauri la meli moja mwaka 1915, kwamba nia ya kampuni ni nia ya yule mtu wa juu kabisa anayeiongoza na kuiamulia. Mwaka 1971 Mabwana wa sheria waliibana zaidi hoja hiyo katika shauri la duka kubwa la Tesco, ambalo chanzo chake kilikuwa sabuni ya unga. Tangazo liliahidi bei ya punguzo, kumbe rafuni zilibaki pakiti za bei ya kawaida. Kampuni ilijitetea kwamba kosa ni la meneja wa tawi, na meneja wa tawi si akili ya kampuni. Ikashinda. Kwa hiyo kwenye feri, serahangi na nahodha walikuwa mikono ya kampuni tu. Ili kampuni itiwe hatiani ilibidi apatikane mkurugenzi au meneja wa ngazi ya juu ambaye yeye binafsi, peke yake, alikuwa na hatia ya kuua. Waendesha mashtaka waliomba wajumlishe: uzembe kidogo wa huyu, kejeli za yule, ukimya wa bodi. Mahakama ilikataa kujumlisha.

Ya pili ni hoja ya kwamba hatari haikuwa dhahiri. Manahodha waliofika kizimbani kutoa ushahidi walisema haikuwahi kuwapitia akilini kwamba meli ingeweza kuondoka na milango wazi. Feri za aina ile zilikuwa zimefanya safari zaidi ya 60,000 bila maafa kama yale. Hoja hii, "haijawahi kutokea," utaisikia katika kila kiwanda, kila mgodi na kila jengo linalojengwa. Nami naiona ndiyo hatari zaidi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu inawapendeza hata watu wema. Dawa yake ni kumbukumbu ya matukio yaliyokosakosa kuua, kama lile la mwaka 1983. Mahali ambapo matukio hayo hayaandikwi, kila maafa yatakuwa ya kwanza.

Sasa tazama kesi nyingine, miaka michache baadaye. Tarehe 22 Machi 1993 vijana wanne wa shule walikufa katika ghuba ya Lyme, kusini-magharibi mwa Uingereza, walipopelekwa baharini na mitumbwi ya michezo na kituo cha mafunzo kilichoendeshwa na kampuni ya OLL. Wakufunzi waliofuatana nao hawakuwa na ujuzi wa kutosha kwa bahari wazi, na msaada ulichelewa kuitwa. Mwaka uliotangulia, wakufunzi wawili walioacha kazi kituoni pale walikuwa wamemwandikia mkurugenzi mwendeshaji barua wakimwonya kuhusu viwango vya usalama, kwamba asipovitazama upya ipo siku atajikuta akieleza kwa nini mtu hakurudi nyumbani. Kampuni ilikuwa ndogo, na mkurugenzi yule ndiye aliyeamua yote. Barua ilimfikia mkononi, akaisoma, akaendelea kama kawaida. Desemba 1994 yeye alifungwa, na kampuni ikawa ya kwanza Uingereza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Ilitozwa faini ya pauni 60,000.

Ziweke kesi hizi mbili pamoja. Kampuni ndogo ilipatikana na hatia kwa barua moja. Kampuni kubwa iliponyoka ingawa lilikuwepo faili zima, kwa kuwa onyo lake lilipita mikono mingi na halikutua mkononi mwa mtu mmoja mwenye madaraka yote. Yaani chini ya sheria ile, kadiri kampuni ilivyogawanya majukumu hadi asijulikane nani anahusika na usalama, ndivyo ilivyozidi kuwa salama mahakamani. Bodi iliyokwepa kuuliza ilipata zawadi ya kutokujua.

Bunge la Uingereza lilikuja kuligeuza hilo kwa Sheria ya mwaka 2007 ya kuua kwa kampuni, iliyoanza kutumika tarehe 6 Aprili 2008. Sheria hii imeacha kumtafuta mtu mmoja mwenye nia ovu. Inauliza namna shughuli za kampuni zilivyosimamiwa na kupangwa: je, ndiyo iliyosababisha kifo? Je, ilikuwa chini kabisa ya kiwango kinachotarajiwa kwa kampuni iliyo katika hali ile? Na je, mchango wa uongozi wa juu katika upungufu huo ulikuwa mkubwa? Hapo maneno "uongozi wa juu" yana maana pana: yanawagusa wote wenye sehemu kubwa katika kuamua au kusimamia shughuli nzima ya kampuni au sehemu yake kubwa, na si mkurugenzi mmoja pekee. Baraza linaruhusiwa kutazama mitazamo, sera, mifumo na mazoea yaliyokubalika ndani ya kampuni, kama yalichochea upungufu au yaliuvumilia. Zile kejeli za pembeni mwa barua ya taa zingekuwa ushahidi wa moja kwa moja.

Usiitukuze sana, hata hivyo. Chini ya sheria hiyo hafungwi mtu. Adhabu kuu ni faini, na mahakama inaweza pia kuamuru kampuni irekebishe kasoro au itangaze hadharani kwamba imepatikana na hatia. Mtu binafsi lazima ashtakiwe kando kwa kosa lake mwenyewe. Na kampuni ya kwanza kutiwa hatiani, mwaka 2011, ilikuwa ndogo vilevile: Cotswold Geotechnical, ambayo kijana wake mtaalamu wa miamba alifukiwa akiwa peke yake ndani ya shimo la majaribio lenye kina cha zaidi ya mita 3 lisilo na mihimili ya kuzuia udongo. Faini ilikuwa pauni 385,000, fedha nyingi mno kwa kampuni ya ukubwa ule.

Sisi huku tumerithi mzizi ule wa zamani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 195, na ile ya Kenya, kifungu cha 202, zinaeleza kuua bila kukusudia kwa maneno yaleyale: kusababisha kifo kwa tendo au kwa kuacha kutenda kinyume cha sheria, na kuacha huko ni uzembe wa kulaumika katika kutimiza wajibu wa kulinda uhai au afya. Neno "mtu" katika sheria zetu linaibeba kampuni pia. Kinachobaki kigumu ni kuonyesha akili yake. Kenya ina silaha ya ziada ambayo wengi huisahau: kifungu cha 23 cha Kanuni hiyo kinasema kampuni ikitenda kosa, kila anayehusika na uongozi au usimamizi wa mambo yake naye ana hatia, mpaka athibitishe kwamba hakujua, na kutokujua huko hakukutokana na tendo au uzembe wake, au kwamba alichukua kila hatua ya busara kulizuia. Kwa meneja, maana yake ni kwamba barua iliyomfikia inamnyang'anya utetezi wa kwanza, na asipoonyesha alichofanya baada ya kuisoma anapoteza na wa pili.

Tufike kwenye barua yenyewe. Wafanyakazi wengi huripoti hatari kwa mdomo, na msimamizi wa zamu hujibu "tutaangalia." Neno hilo haliachi alama. Wengine huandika, lakini huandika malalamiko: "usalama hapa ni duni na uongozi haujali." Barua ya hivyo haimfungi mtu yeyote, maana hakuna kitu kimoja ndani yake ambacho msomaji alipaswa kukifanya. Tuseme kiwandani swichi inayozima mashine kifuniko kinapofunguliwa imefungwa kwa waya ili kazi isisimame. Andika hivi:

"Kwa Meneja wa Uzalishaji. Nakala: Katibu wa Kamati ya Usalama. Swichi ya usalama ya kifuniko cha mashine namba 4 imefungwa kwa waya tangu tarehe 3 mwezi huu, na mashine inazunguka hata kifuniko kikiwa wazi. Tarehe 9, zamu ya usiku, glavu ya fundi ilivutwa ndani, mkono ulipona. Naomba swichi mpya ifungwe, na mpaka hapo mashine isiwashwe. Naomba jibu la maandishi kabla ya Ijumaa."

Ni mistari michache, lakini kila mmoja una kazi yake mahakamani. Jina la cheo linaonyesha onyo lilipanda mpaka wapi, na nakala inazuia barua kufia kwenye droo moja. Kutaja mashine, tarehe na waya kunaondoa hoja kwamba hatari haikuwa dhahiri. Habari ya glavu ndilo lile tukio la mwaka 1983 kwa sura nyingine: inavunja "haijawahi kutokea." Ombi la swichi linaonyesha dawa ilikuwepo na ni rahisi, na ombi la kuizima mashine linaonyesha kulikuwa na njia hata kama swichi haijanunuliwa. Tarehe ya jibu inageuza ukimya kuwa uamuzi. Usitie ukali wala matusi, wala usimtaje mwenzako kuwa mvivu, kwa kuwa wakili wa kampuni atakushika hapo na kuisoma barua nzima kama ugomvi wa watu wawili.

Pata muhuri wa kupokelewa au saini kwenye nakala yako, na nakala hiyo iwe nyumbani. Kama mahali pako kila kitu kinapita kwenye kundi la WhatsApp, onyo la humo nalo ni maandishi, lakini sauti iliyorekodiwa ni vigumu kuitafuta baadaye na ujumbe unaweza kufutwa na msimamizi wa kundi. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na jina la mpokeaji. Na kama ulizungumza ana kwa ana, tuma ujumbe siku hiyohiyo unaoanza na "Kama tulivyozungumza asubuhi ya leo," kisha eleza kilichosemwa. Asipokanusha, mazungumzo yale yameshaandikwa.

Kwa meneja anayepokea barua kama hii, nina neno lisilopendeza: kuanzia dakika ulipoisoma, akili ya kampuni iko mezani kwako. Unaweza kufanya kinachoombwa. Unaweza kuweka zuio la muda huku ukiomba fedha. Unaweza hata kukataa, ila kwa sababu za kiufundi zilizoandikwa na mtu anayeijua kazi, ukieleza ni kinga gani nyingine ipo. Huwezi kuipeleka kwa mwenzako bila kuandika unamtaka afanye nini na lini, kwa maana hivyo ndivyo barua ya taa ilivyokufa. Huna uwezo wa kuidhinisha fedha? Ipandishe kwa maandishi kwa mwenye uwezo, siku hiyo. Na utani wa pembeni, hata kama unawachekesha wenzako, utasomwa kwa sauti mbele ya mama wa marehemu.

Jambo jingine kwa mameneja: chunguza kama mfumo wako wa taarifa ni wa kimya. Feri ile iliondoka kwa sababu kimya kilihesabiwa kuwa "tayari." Viwanda vingi vinaendeshwa hivyo hadi leo: mashine huwashwa kwa kuwa hakuna aliyesema isiwashwe. Ugeuze. Asitie mtu ufunguo mpaka aliyekagua aseme kwa kinywa chake au atie saini kwamba amekagua. Kisha soma mwongozo wako wa usalama ukiwa na saa mkononi, usimame mahali pa mfanyakazi, na uone kama yote unayomwagiza yanawezekana ndani ya muda uliompa. Kampuni hupenda kujificha nyuma ya mwongozo, na kusema sera ilikuwepo ila mfanyakazi aliivunja. Mwongozo usiotekelezeka ni uamuzi wa aliyeuandika, na afisa wa kwanza aliyetakiwa mahali pawili kwa dakika zilezile ni mfano wangu wa kudumu.

Maafa yakishatokea, kazi hubadilika. Kenya, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, mwajiri anatakiwa kumjulisha afisa wa eneo kifo cha kazini ndani ya saa 24, na kupeleka taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Omba nakala ya taarifa hiyo kupitia chama chako au wakili, kwa sababu maelezo ya kwanza kabisa ya kampuni, kabla mawakili hawajayanyoosha, mara nyingi ndiyo ya kweli zaidi. Andika haraka kwa kampuni, nakala kwa mkaguzi na polisi, ukitaka karatasi zihifadhiwe, na uzitaje moja moja badala ya kusema "nyaraka zote": daftari la matengenezo, ratiba za zamu, mihutasari ya kamati ya usalama na ya bodi, maombi ya ununuzi yaliyokataliwa pamoja na bei zake. Ratiba ya zamu itakueleza kama aliyelala alikuwa mzembe au alikuwa amechoka kwa saa alizopangiwa. Ombi la ununuzi lililokataliwa litakuonyesha nani aliamua, na kwa bei gani.

Piga picha ya mahali kabla hapajarekebishwa, na urudi baadaye upige tena. Baada ya Zeebrugge, taa zilizokataliwa kwa miaka zilifungwa katika meli za kampuni ile ndani ya siku chache. Marekebisho ya baadaye hayathibitishi hatia yenyewe, lakini yanajibu swali la kama dawa ilikuwa ngumu.

Ukishapata karatasi, chora ngazi. Weka kila mtu aliyepata kuijua hatari, kutoka sakafuni hadi kwenye bodi, na mbele ya kila jina andika alijua lini, alikuwa na uwezo wa kuamua nini, na alifanya nini. Mahali ambapo ujuzi na uwezo vinakutana kwa mtu mmoja, kisha kukawa hakuna kilichofanyika, hapo ndipo waendesha mashtaka wetu wanaweza kusimama chini ya sheria ya zamani. Ikiwa ujuzi unaishia kwa msimamizi wa zamu asiyeweza kuidhinisha hata shilingi, na juu yake ni kimya, shauri la jinai dhidi ya kampuni litakuwa gumu. Ni afadhali kujua hivyo mapema kuliko kuzunguka miaka mahakamani. Hapo makosa ya sheria ya usalama kazini, ambayo hayadai uchunguze akili ya mtu, huwa njia imara zaidi, na fidia ya kifo kwa familia haitegemei kosa la jinai kuthibitishwa. Ila ukipewa karatasi ya fidia, isome vizuri usije ukasaini kuachilia madai mengine.

Kumbuka pia kwamba karatasi peke yake haiui. Lazima uunganishe onyo na kifo. Barua kuhusu waya wa mashine namba 4 haisaidii kitu kama fundi alikufa kwenye boila. Mashauri mengi mazuri huharibika hapa: familia hukusanya kila uchafu wa kampuni, wakili wa utetezi akauliza swali moja tu, kwamba lipi kati ya haya lilimuua huyu, na chumba chote kikanyamaza. Chagua barua moja au mbili zilizogusa kifaa kilekile au hatari ileile, uzifuate mpaka mwisho.

Halafu iangalie kampuni yenyewe kwa msajili. Kubadili jina hakuiondolei hatia, maana mtu wa kisheria hubaki yuleyule. Kampuni iliyoshtakiwa kwa maafa ya Zeebrugge ilifika mahakamani ikiwa na jina jipya, na hilo halikuwa kizuizi. Kufutwa kwenye daftari ni jambo tofauti kabisa: kampuni iliyofutwa ni kama mshtakiwa aliyekufa. Kabla ya kufutwa hutolewa tangazo kwenye gazeti la serikali, na muda huo ndio wa mwenye madai au chama cha wafanyakazi kupeleka pingamizi la maandishi kwa msajili, likiwa na nakala ya taarifa ya ajali na namba ya jalada la polisi. Angalia gazeti hilo mara kwa mara kuanzia wiki ya mazishi.